Kwa nini wapewe kidonge kisicho na dawa, badala ya kulinganishwa na watu wasiopewa kitu?

#1 Mdadisi_Mkuu
Salaam wakuu. Nimesoma ripoti ya jaribio la dawa. Wameandika kwamba nusu ya washiriki walipewa plasebo, na kwamba wagonjwa na madaktari wote hawakujua nani kapewa nini hadi mwisho. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Kama unataka kujua dawa inafanya kazi, si unawapa hawa, wale unawaacha bila kitu, halafu unahesabu waliopata nafuu? Ya nini kuhangaika kutengeneza kidonge kisicho na kitu, tena na kuwafumba macho hadi madaktari? Naona kama watafiti wanajifunga kamba wenyewe. Wajuzi karibuni.

#2 Imani_Huponya
Jibu ni fupi mkuu. Plasebo inaponya. Theluthi moja ya wagonjwa hupona kwa kuamini tu kwamba wamepewa dawa. Usipowapa kile kidonge, wale wa upande wa pili watakosa ile imani, na mashindano hayatakuwa ya haki. Basi.

#3 Spiromita
#2 umegusa jambo lenyewe, ila hiyo theluthi iache. Ilitoka kwenye makala ya Henry Beecher ya mwaka 1955, na alichofanya ni kuchukua wagonjwa wote walioendelea vizuri katika makundi ya plasebo na kuwahesabia plasebo. Hakuwatoa wale ambao wangepata nafuu hata wangelala tu nyumbani. Mafua yanaisha yenyewe. Maumivu ya mgongo yana siku mbaya na siku nzuri, na mtu huenda kwa daktari siku ile mbaya kuliko zote, kwa hiyo mara nyingi kinachofuata ni nafuu, kidonge kiwepo kisiwepo.

Mleta mada, swali lako lilijibiwa vizuri na utafiti mmoja wa pumu uliotoka mwaka 2011. Wagonjwa 39 waliomaliza walipitia hali nne, kila mmoja zote, kwa mpangilio wa bahati nasibu: inhela yenye dawa ya salbutamoli, inhela isiyo na dawa, sindano za kuigiza zile za tiba ya Kichina, na siku ya kukaa tu bila kupewa chochote. Mzunguko huo ulirudiwa mara tatu. Kila safari walipimwa kwa mashine kiasi cha hewa wanachoweza kupuliza kwa nguvu katika sekunde ya kwanza, kisha wakaulizwa wenyewe wanajionaje.

Mashine ilisema hivi: salbutamoli iliongeza hewa kwa asilimia 20. Inhela tupu, sindano za kuigiza na kukaa bure, zote tatu zilifikia kama asilimia 7. Wagonjwa wenyewe walisema vingine kabisa. Waliopewa salbutamoli walijiona wameboreka kwa asilimia 50, inhela tupu 45, sindano za kuigiza 46, na kukaa bure 21.

Sasa chukua ule mpango wako wa kulinganisha dawa na watu wasiopewa kitu, na utumie majibu ya mdomo. Inhela tupu ingeshinda kwa 45 dhidi ya 21. Ungeisajili kama dawa ya pumu, na haifungui mapafu hata kidogo kuliko kukaa kwenye kiti.

#4 Kiroboto
Kwa hiyo #2 unatakiwa kubadilisha jina la humu, mapafu hayajui imani 😂

#5 Mdadisi_Mkuu
#3 shukrani, hapo nimeona. Ila kuna kitu kinanitatiza. Hata waliokaa bure wameongezeka asilimia 7. Hiyo imetoka wapi?

#6 Spiromita
Ndiyo kazi ya kundi lisilopewa kitu. Mapafu ya mwenye pumu hupanda na kushuka ndani ya siku hiyohiyo, na mtu hupuliza vizuri zaidi akishazoea mashine. Hiyo 7 ni mwendo wa kawaida ambao ungetokea tu. Majaribio mengi hayana kundi hilo la tatu. Yana dawa na plasebo, basi, kwa hiyo ndani ya kundi la plasebo huwezi kutenganisha mwendo wa ugonjwa na matarajio ya mgonjwa. Kwa anayetaka kujua dawa inafaa au haifai, si tatizo, maana yote mawili yamo pande zote na yanafutana. Ila ukishaanza kusema "plasebo imeponya asilimia kadhaa", hapo umeingia pasipo na ushahidi.

#7 Imani_Huponya
#3 usinishinde kwa pumu peke yake. Kwenye maumivu mambo ni mengine. Mwaka 1978 wagonjwa waliong'olewa meno walipewa plasebo, baadhi wakapata nafuu, kisha wakapewa nalokso, dawa inayozuia afyuni kufanya kazi mwilini, maumivu yakarudi juu. Maana yake mwili ulikuwa umetoa vituliza maumivu vyake wenyewe. Hiyo si ya mdomo tu.

#8 Spiromita
Hiyo nakupa. Lakini Hróbjartsson na Gøtzsche mwaka 2001 walikusanya majaribio yaliyokuwa na kundi la plasebo na kundi lisilotibiwa kwa pamoja. Yale yaliyopima kitu kinachoonekana na wote hayakuonyesha tofauti ya maana. Tofauti ilibaki kwenye mambo anayoyaeleza mgonjwa mwenyewe, hasa maumivu, nayo ilikuwa ndogo. Na hata hapo walijihadhari, kwa sababu mtu ambaye hakupewa kitu anajua hakupewa kitu. Huenda waliopewa plasebo walijibu kwa adabu tu ili kumridhisha mtafiti.

#9 Imani_Huponya
Kwa adabu tu, huku nalokso inarudisha maumivu? Hapo hatukubaliani.

#10 Mfamasia_Kivuli
Mkimaliza kupigana, niongeze kuhusu kidonge chenyewe, maana watu hudhani plasebo ni kuchukua sukari ukaibonyeza ikawa kidonge. Kazi ngumu ni kukifanya kisijulikane.

Njia ya kawaida ni kukitia kidonge halisi ndani ya kapsuli isiyopenyeza mwanga, nafasi inayobaki ukaijaza unga wa selulosi ili kisigonge ndani. Ya plasebo inajazwa unga uleule, hadi uzito ulingane. Ukisahau kujaza, mshiriki anaitikisa karibu na sikio na siri imekwisha. Halafu lazima upime kama kidonge kilichofunikwa bado kinayeyuka kwa kasi ileile ya kidonge cha kawaida. Kapsuli ikichelewesha, umeidhoofisha dawa bila kujua, na unaweza kutangaza haifai kumbe umeifunga mdomo.

Kosa linalojirudia zaidi liko kwenye lebo. Watu wasio na uzoefu huandika chupa zote za dawa "A" na zote za plasebo "B". Siku mshiriki mmoja akipata tatizo kubwa na ikabidi daktari wake aambiwe anachotumia, A imejulikana, na kwa hiyo kila mshiriki kajulikana. Inavyotakiwa ni kila pakiti iwe na namba yake isiyofanana na nyingine, na orodha inayosema namba ipi ni nini inakaa kwa mtu asiyeonana na wagonjwa. Ukifungua siri ya mmoja, wengine wanabaki palepale.

#11 Mdadisi_Mkuu
Na kama dawa mbili hazifanani kabisa? Tuseme moja ni sindano, nyingine ni kidonge.

#12 Mfamasia_Kivuli
Kila mtu anapewa vyote viwili. Kundi la kwanza linapata sindano halisi na kidonge tupu, la pili linapata sindano ya maji ya chumvi na kidonge halisi. Wote wamechomwa, wote wamemeza. Kuna ambazo zinakutoa jasho zaidi, kama wafarini, ile ya kuzuia damu kuganda, ambayo dozi yake hubadilishwa kila mara kufuatana na kipimo cha damu. Dawa mpya inayoshindana nayo haihitaji kipimo hicho. Kwenye jaribio la rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya, walitatua hivi: kila mtu alipimwa kwa kifaa kilichotoa namba ya siri, msimamizi huru akaifasiri, na kwa walio kwenye dawa mpya akampa daktari namba ya kubuni inayofanana na ya kweli, naye daktari akabadilisha dozi ya kidonge cha wafarini kisicho na wafarini.

#13 Kiroboto
Daktari anahangaika kurekebisha dozi ya hewa. Kazi ipo.

#14 Mama_Wawili
Samahani kama natoka nje ya mada. Mimi nimo kwenye jaribio la dawa ya maumivu ya neva, wiki ya tatu sasa, na mdomo unanikauka. Kwenye fomu niliyosaini waliandika dawa inaweza kukausha mdomo. Basi nimepata ya kweli? Na nikifungua kapsuli nionje kidogo, kuna ubaya?

#15 Mfamasia_Kivuli
Dada, usiifungue. Kukauka mdomo hakukuambii kitu cha uhakika. Walio kwenye plasebo nao huripoti maudhi, na mara nyingi ni yaleyale waliyoonywa kwenye fomu. Mtu akiambiwa mdomo unaweza kukauka, anaanza kuusikiliza mdomo wake. Waambie wahudumu wa jaribio hilo dalili, waiandike. Ikiwa kubwa, kuna utaratibu wa kufungua siri yako peke yako saa yoyote, usiku hata mchana, na namba ya simu inapaswa kuwa kwenye nakala ya fomu yako. Na kujitoa ni haki yako bila kueleza sababu.

#16 Mtakwimu_Mpweke
#14 wala hujatoka nje ya mada, umeingia katikati yake. Hilo la kuonja liliwahi kuharibu jaribio zima, na hadi leo watu hawajakubaliana liliharibu nini hasa. Ni jaribio la vitamini C na mafua lililofanyika kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, likachapishwa 1975 na Karlowski na wenzake, Thomas Chalmers akiwemo.

Walijitolea wafanyakazi 311 wa taasisi hizohizo. Nusu walipewa kapsuli za vitamini C, gramu 1 mara tatu kwa siku kwa miezi tisa, nusu wakapewa kapsuli za laktosi, sukari ya maziwa. Mtu akishikwa na mafua anaongezewa gramu 3 kwa siku, na hiyo nyongeza nayo ilikuwa ama vitamini ama laktosi. Kwa juu juu ni mpango mzuri.

Sasa onja mwenyewe jikoni. Vitamini C ni chachu kama ndimu. Laktosi ina utamu wa mbali. Kapsuli ni vipande viwili vinavyochomoleka kwa vidole. Na washiriki ni watu wa taasisi ya utafiti, wadadisi kwa kazi yao. Wakafungua, wakalamba.

Walioona ni laktosi, baadhi wakaacha. Mwisho walibaki 190 tu. Waliotoka upande wa plasebo walikuwa asilimia 44, upande wa vitamini asilimia 34. Hiyo tofauti peke yake inatosha kukuamsha. Kama hakuna anayejua anachomeza, kwa nini wa laktosi wakate tamaa zaidi?

#17 Mdadisi_Mkuu
Na matokeo?

#18 Mtakwimu_Mpweke
Mafua ya waliotumia vitamini kila siku na kwenye nyongeza yalikwisha mapema kwa takribani siku moja kuliko ya waliotumia laktosi pande zote. Ukiishia hapo unaandika "vitamini C inafupisha mafua". Lakini watafiti walikuwa wamesikia habari za kuonja, wakawauliza washiriki wanadhani wanameza nini. Walipowatenga waliokisia na wasiojua, ule ufupisho ukaonekana kwa waliokuwa wamekisia, na kwa wasiojua haukuonekana. Hitimisho lao likawa kwamba athari, kama ipo, ni ndogo, na inaweza kuelezwa vilevile na kuvuja kwa siri.

Angalia kilichopimwa: mafua yameanza lini, yameisha lini, yalikuwa makali kiasi gani. Yote ni maneno ya mgonjwa. Anayejua ana vitamini anasema "leo nimepona" akiwa bado na kamasi kidogo. Anayejua ana laktosi anaandika siku nyingine ya mafua kwa kamasi ileile.

#19 Kiroboto
Somo: usifanye utafiti kwa watafiti.

#20 Jicho_la_Tatu
#18 umesimulia upande mmoja. Mfini Harri Hemilä aliyachambua tena yale matokeo mwaka 1996, na akaonyesha kwamba ule uchambuzi wa waliokisia na wasiokisia uliacha nje sehemu kubwa ya mafua yaliyorekodiwa, bila maelezo ya kuridhisha. Athari ya vitamini ilionekana pia kwa wale walioachwa nje. Kwa hiyo maelezo ya "ni plasebo tu" yalikubaliwa haraka kwa sababu yalipendeza kwa watu ambao tayari hawakuiamini vitamini C.

Na kuna la kimantiki. Tuseme vitamini inafanya kazi kweli. Mtu anapona haraka, anajiambia "aa, basi mimi nina ya kweli". Amekisia sawa kwa sababu amepona. Hajapona kwa sababu amekisia. Ukimuuliza mwishoni, mambo hayo mawili yanafanana kama mapacha.

#21 Mtakwimu_Mpweke
Hoja ya pili naikubali bila ubishi. Ndiyo maana wengine wanasema swali la kukisia liulizwe mapema, siku za kwanza kabla dawa haijapata muda wa kuonyesha lolote. Ukiona wiki ya kwanza watu wanakisia sawa kuliko kurusha sarafu, kapsuli imevuja. Ukiona hivyo mwezi wa tisa, hujui umeona nini. Mwongozo wa kuandika ripoti za majaribio, KONSOTI, ulikuwa ukitaka watafiti waeleze kama kufumba macho kulifaulu. Toleo la 2010 liliondoa sharti hilo, moja ya sababu ikiwa hii.

Hoja ya kwanza naikubali nusu. Kuachwa kwa yale mafua ni dosari ya uchambuzi wao. Ila hakurudishi siri iliyokwisha kuvuja. Waliotoka asilimia 44 kwa 34 bado wapo palepale.

#22 Jicho_la_Tatu
Na mimi sijasema jaribio lilikuwa zima. Nasema huwezi kulitumia kuthibitisha nguvu ya plasebo, kama ambavyo huwezi kulitumia kuthibitisha vitamini. Watu wanalitaja kwa miaka yote hii kama ushahidi wa la kwanza.

#23 Mama_Wawili
Nimewasoma 😀 sifungui kapsuli. Lakini wangeweka kitu kichachu kwenye ile ya laktosi, si ingekwisha?

#24 Mfamasia_Kivuli
Ndivyo. Asidi ya sitriki kidogo ingetosha kumdanganya mlambaji. Kuna hatua zaidi ya hapo: plasebo yenye kitu kinachosababisha maudhi yanayofanana. Zamani katika baadhi ya majaribio ya dawa za sonona waliweka atropini kidogo ndani ya plasebo ili nayo ikaushe mdomo. Sasa dada #14, ungekuwa mle, mdomo wako usingekupa dokezo lolote. Haitumiki sana, maana unampa mtu dutu yenye madhara yasiyo na faida kwake, na kamati ya maadili itakuuliza.

#25 Bingwa_wa_Historia
Mmesahau asili. Jaribio la kwanza la kisasa lenye plasebo ni la streptomaisini na kifua kikuu, Uingereza, 1948. Pale ndipo plasebo ilipoanzia.

#26 Spiromita
Hapana mkuu. Lile la streptomaisini ni maarufu kwa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu kwa bahasha zilizofungwa. Plasebo halikuwa nayo kabisa. Wagonjwa 55 walipata streptomaisini pamoja na kulala kitandani, 52 walilala kitandani tu. Dawa yenyewe ilikuwa sindano nne kwa siku, kila saa sita, kwa miezi minne. Kumchoma mgonjwa mahututi sindano zote hizo za maji matupu hawakuona sababu.

Na plasebo ni ya kale zaidi ya hapo. Mwaka 1799 John Haygarth, daktari wa Bath, alitengeneza vijiti vya mbao vilivyopakwa rangi vifanane na vile vya chuma vilivyokuwa vikiuzwa kwa bei kubwa kuondoa baridi yabisi. Vya mbao vikafanya maajabu yaleyale.

#27 Mdadisi_Mkuu
Subiri kwanza #26. Kama jaribio la 1948 halikuwa na plasebo na linaheshimiwa hivyo, si hoja yangu ya #1 imerudi? Walilinganisha na watu wasiopewa dawa!

#28 Spiromita
Angalia walichopima. Baada ya miezi sita walikufa 4 kati ya 55 upande wa dawa, 14 kati ya 52 upande wa kitanda. Kifo hakibadilishwi na matarajio ya mgonjwa wala na adabu. Kipimo cha pili kilikuwa picha za eksirei, na hapo ndipo walipofumba macho. Wasomaji watatu walizisoma picha kila mmoja peke yake, bila kujua ni ya mgonjwa wa kundi lipi. Hawakumfumba mgonjwa, ila walimfumba anayetoa hukumu. Tena wale wa kitanda hawakuambiwa kwamba wao ni kundi la kulinganishia, jambo ambalo leo lisingepita.

Kwa hiyo #1 una haki pale kipimo kinapokuwa kigumu kama kifo. Kadiri kipimo kinavyotegemea maneno au jicho la mtu, ndivyo unavyohitaji kufumba zaidi.

#29 Imani_Huponya
Jicho la daktari si kama maneno ya mgonjwa lakini. Daktari ana mafunzo.

#30 Mtakwimu_Mpweke
Hili lilipimwa. Kanada walifanya jaribio la ugonjwa wa neva uitwao skilirosisi ya sehemu nyingi, kwa Kiingereza multiple sclerosis, wakilinganisha matibabu mazito, ikiwemo kubadilisha plazima ya damu, na utaratibu wa kuigiza. Kila mgonjwa alipimwa na madaktari wawili wa neva, mmoja anajua mgonjwa yuko kundi gani, mwingine hajui. Mgonjwa ni yuleyule, ugonjwa ni uleule. Makala ya 1994 ikaonyesha kwamba kwa alama za madaktari waliojua, kundi lililobadilishiwa plazima lilionekana kufaidika. Kwa alama za wasiojua, hakuna faida.

Wote ni mabingwa, na hakuna aliyedanganya. Ukipima nguvu ya mguu kwa kusukumana na mgonjwa, unaamua mwenyewe kama ni alama 4 au 3, na pale pa mashaka mkono unaelemea unakotarajia. Na hapa #20 hawezi kuniletea hoja ya aliyepona kukisia sawa, maana wote wawili walimwona mtu mmoja.

#31 Jicho_la_Tatu
Siileti. Hiyo ni safi. Ila yule asiyejua naye alikuwa anaongea na mgonjwa. Mgonjwa mmoja akiropoka kuhusu mirija aliyofungwa, kwisha.

#32 Mtakwimu_Mpweke
Ndiyo maana kwenye majaribio ya namna hiyo mgonjwa huagizwa asiseme chochote kuhusu matibabu mbele ya mpimaji, na alama za sindano hufunikwa, hata kwa wasiochomwa.

#33 Mama_Wawili
Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtu mwenye ugonjwa mkali akiangukia plasebo, si wanamwacha afe kwa ajili ya namba?

#34 Spiromita
Kama ipo tiba inayojulikana kufanya kazi, hairuhusiwi kumnyima mtu tiba hiyo akadhurika vibaya. Tamko la Helsinki, lile la maadili ya utafiti kwa binadamu, liko wazi hapo. Kinachofanyika ni kila mtu kubaki na tiba ya kawaida, na juu yake nusu waongezewe dawa mpya, nusu waongezewe plasebo. Au dawa mpya inashindanishwa na ya zamani moja kwa moja. Wewe muulize anayekuhudumia ni mpango gani, ni lazima akujibu.

#35 Kiroboto
Vidonge nimeelewa. Upasuaji je? Utampasua mtu plasebo?

#36 Mfamasia_Kivuli
Walishafanya. Goti, Houston, makala ya mwaka 2002, wagonjwa 180 wenye magoti yaliyochakaa. Makundi matatu: kusafishwa goti kwa kukwangua, kuoshwa kwa maji tu, na kuigiza. Bahasha ilifunguliwa ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa wa kuigiza, daktari alichana ngozi mara tatu, sentimita moja moja, akaomba vifaa kama kawaida, akalikunja na kulinyoosha goti, na maji yakamwagwa ili sauti ifanane na ya kuosha. Mgonjwa akalala wodini usiku huo kama wengine, na wauguzi hawakujua. Aliyekuja kupima maumivu miaka miwili iliyofuata hakujua. Hakuna kundi lililoshinda lile la kuigiza.

#37 Imani_Huponya
Haya! Wamepona kwa michubuko mitatu. Mnasemaje sasa?

#38 Jicho_la_Tatu
Tunasema hakukuwa na kundi lisilofanyiwa kitu. Rudi #6.

#39 Kiroboto
Mimi nauliza nani alikubali hayo.

#40 Mfamasia_Kivuli
Waliofaa kuingia walikuwa 324, na 144 walikataa. Waliokubali walitakiwa kuandika kwa mkono wao wenyewe kwenye faili kwamba wanaelewa huenda wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza tu, na kwamba huo hautawasaidia kwa uchakavu wa goti.

#41 Jicho_la_Tatu
Na hapo kuna tatizo lingine. Aliyekubali kuandika hivyo si mgonjwa wa kawaida. Matokeo ya hao 180 yanawahusu vipi wale 144?